Maelekezo ya kutunza mshono nyumbani, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji

Wodi ya Wazazi, Hospitali ya Wilaya
Upasuaji: Jumanne, 10 Juni 2025
Kuruhusiwa: Ijumaa, 13 Juni 2025
Kutoa nyuzi: Jumanne, 17 Juni 2025, saa 2 asubuhi, chumba cha vidonda

Mama, hongera kwa mtoto. Unaporudi nyumbani leo mshono wako ni mkavu, hauna usaha wala uvimbe. Kazi iliyobaki ni kuuacha upone, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutoufanyia mambo mengi. Karatasi hii msomee pia atakayekuhudumia, awe mama yako, mama mkwe au dada, maana mara nyingi wao ndio wenye sauti siku hizi za mwanzo. Baba wa mtoto naye aisome, hasa sehemu ya dalili za hatari.

Ngozi yako imeshonwa kwa uzi wa nailoni, ambao hauyeyuki, kwa hiyo lazima utolewe hapa. Usiukate mwenyewe wala usimruhusu jirani aukate hata kama ncha inakuchoma. Nyuzi za ndani, kwenye mfuko wa uzazi na misuli, zitayeyuka zenyewe. Ngozi huonekana imepona mapema, lakini tabaka za ndani huhitaji wiki 6 na zaidi. Ndiyo maana tunakukataza kubeba ndoo hata kama husikii maumivu.

Kuoga na kusafisha

Bandeji ya kwanza tuliitoa jana, baada ya saa 48. Mshono hauhitaji kufunikwa tena, isipokuwa kama nguo inausugua. Hapo weka gozi safi kavu, na ibadilishe ikilowa. Usifunike kwa nailoni au plasta isiyopitisha hewa.

Oga kila siku. Tumia maji safi ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, acha maji yatiririke juu ya mshono, usiusugue kwa dodoki. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi ambacho ni cha mshono peke yake, kifuliwe na kuanikwa juani. Ukiwa na tumbo linaloning'inia juu ya mshono, linyanyue ukaushe vizuri pale kwenye mkunjo, kwa sababu jasho likikaa hapo ngozi hulainika na kufunguka. Usikae ndani ya beseni la maji, yawe ya chumvi au ya moto.

Kabla ya kugusa mshono, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hili ni muhimu zaidi baada ya kutoka chooni, kubadilisha pedi au kumsafisha mtoto. Anayekusaidia naye anawe.

Kukandwa

Bibi, tunajua unataka mwanao apate nguvu, na wengi wetu wodini tumelelewa kwenye mila hii. Lakini mama aliyepasuliwa asikandwe tumbo. Kumkandamiza kwa kitambaa cha maji ya moto hakutoi damu iliyoganda tumboni. Kunaweza kumuunguza ngozi iliyokufa ganzi kuzunguka mshono, ambapo hatasikia moto mpaka malengelenge yametoka, na kunaweza kufumua nyuzi. Damu ya uzazi hutoka yenyewe mfuko unapojikaza, na kunyonyesha ndiko kunakoukaza. Kama unataka kumkanda, mkande mgongo na miguu kwa maji ya uvuguvugu.

Kufunga tumbo kwa kanga si kosa, mradi kanga iwe safi, isibane hadi mama ashindwe kuvuta pumzi vizuri, na fundo lisikae juu ya mshono. Afungue akilala.

Vitu vya kupaka

Usipake chochote. Si majivu, si dawa ya meno, si mafuta ya taa, si majani yaliyotwangwa, si chumvi, si asali. Hata spiriti na ayodini usipake kila siku. Zinaunguza ngozi changa inayojiunga.

Tunalotaka kulisema kwa nguvu ni unga wa kapsuli. Wamama wengi hufungua kapsuli nyekundu na nyeusi au ya rangi ya njano na kuunyunyiza kwenye mshono ili ukauke haraka. Unga ule hugeuka ganda. Juu panaonekana pakavu, chini usaha unakusanyika, na mama anakuja kwetu siku ambayo homa imepanda. Dawa ile haikutengenezwa kupakwa, na kuitumia hivyo huwazoesha vijidudu, kiasi kwamba siku utakapoihitaji haitafanya kazi.

Utauliza mbona hukupewa antibayotiki za kwenda nazo. Ulichomwa sindano ya antibayotiki kabla ya kupasuliwa, na mshono ukiwa safi hiyo inatosha. Ukiona dalili za maambukizi usipitie duka la dawa muhimu kununua dozi. Njoo tuuone mshono kwanza. Usaha uliojifungia ndani unahitaji kutolewa, na vidonge peke yake haviutoi.

Dawa ulizopewa

Paracetamo ya miligramu 500: vidonge 2 kila baada ya saa 8, kwa siku 5. Ibuprofeni ya miligramu 400: kidonge 1 kila baada ya saa 8, baada ya kula, kwa siku 3. Usiongeze diklofenaki juu yake, ni dawa za kundi moja na zikichanganywa huumiza tumbo na figo. Dawa hizi mbili hazimdhuru mtoto anayenyonya. Meza kwa saa zake hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu mama mwenye maumivu hatembei wala hakai vizuri kunyonyesha. Vidonge vya kuongeza damu ni 1 kila siku kwa miezi 3. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Kazi, chakula na mwendo

Tembea ndani ya nyumba na uani kila siku. Kulala kutwa huleta damu kuganda miguuni. Ukitaka kukohoa, kucheka au kuinuka, bana mshono kwa mto mdogo au kiganja. Kuinuka kitandani, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Kama choo ni cha kuchuchumaa, shuka taratibu huku umeshika ukuta, na kunywa maji ya kutosha choo kisiwe kigumu.

Kwa wiki 6 usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Ndoo ya lita 20, kuni, kinu, mtoto mkubwa anayelilia mgongo wako: yote yana wenyewe nyumbani. Kujamiiana kusubiri mpaka mahudhurio ya wiki ya 6, na siku hiyo tutazungumza pia uzazi wa mpango, kwa sababu mfuko uliopasuliwa unahitaji angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine.

Kula kila kitu. Mayai, maharage, samaki, dagaa, nyama, mboga za majani na matunda ndivyo vinavyojenga nyama mpya. Hakuna chakula kinachotia usaha kwenye mshono. Kama una kisukari au unatumia dawa za kufubaza virusi, usikatishe dawa zako. Sukari ikipanda mshono huchelewa kupona na huambukizwa kirahisi.

Yapi ni ya kawaida

Kuwasha, ganzi juu ya mshono, ugumu kama kamba chini ya ngozi, na maumivu yanayopungua siku hadi siku. Tone la majimaji ya rangi ya waridi siku hizi mbili tatu nalo si tatizo. Neno la kushika hapo ni *yanayopungua*. Maumivu yaliyokuwa yameshuka yakaanza kupanda tena yana sababu.

Dalili za maambukizi

Maambukizi mengi hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 10, yaani kuanzia kesho Jumamosi hadi Ijumaa ya tarehe 20, ingawa yanaweza kuchelewa hadi mwezi mzima. Utazame mshono kila siku mchana penye mwanga. Kama tumbo linakuzuia kuuona, tumia kioo au mwombe anayekuhudumia atazame.

Kwa ngozi yetu usisubiri wekundu. Mara nyingi ngozi iliyoambukizwa huwa nyeusi zaidi kuliko pembeni, inang'aa na kukazika. Gusa kwa mgongo wa mkono ulionawa: pako moto kuliko tumbo lingine? Pamevimba, pagumu, panauma zaidi ya jana? Panatoa usaha au majimaji yenye harufu? Nyuzi zimeachia na mdomo mdogo umefunguka? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, njoo siku hiyo hiyo. Usiubane kwa plasta na usikamue.

Njoo sasa hivi, iwe usiku au mchana

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi. Kama huna kipimajoto, mwili kuwa moto na kutetemeka kunatosha.
- Mshono umefumuka na unaona nyama ya ndani au utumbo. Lala chali, kunja magoti, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usirudishe kitu ndani, usile wala kunywa.
- Mshono unatoka damu isiyokoma baada ya kukandamiza dakika 10, au ukeni damu inajaza pedi ndani ya saa moja.
- Uchafu wa ukeni unanuka vibaya, na tumbo la chini linauma.
- Tumbo limejaa, unatapika, hupati choo wala kujamba.
- Mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinabana au pumzi ni fupi.
- Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, degedege, au umechanganyikiwa.

Ukifika mlangoni sema, "Nimejifungua kwa upasuaji tarehe 10." Usikae foleni ya wagonjwa wa nje; njoo moja kwa moja Wodi ya Wazazi, iko wazi saa 24. Kama huna usafiri piga 115, ni bure, ni usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga. Baba, pesa ya bodaboda au bajaji itengwe leo. Lakini mama aliyefumuka mshono asipandishwe bodaboda, atafutiwe gari alale.

Mahudhurio

Jumanne 17 Juni: kutoa nyuzi na kumpima mtoto. Jumanne 8 Julai: siku ya 28. Jumanne 22 Julai: siku ya 42, mshono, shinikizo la damu na uzazi wa mpango. Njoo na kadi yako, kadi ya mtoto, karatasi hii na pakiti za dawa zilizobaki. Vaa gauni au sketi pana inayofunguka mbele. Namba ya simu ya wodi imegongwa muhuri nyuma ya kadi yako. Swali dogo piga, hata saa 8 usiku kuna mkunga wa zamu.