Semina ya Azimio la Arusha: utangulizi na maswali matatu

Mwalimu, na ninyi wenzangu, habari za mchana. Zamu ya kuongoza leo ni yangu. Nitasema kidogo, halafu uwanja ni wenu.

Tulipewa Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora tulishakariri sekondari, na kwamba mabenki yalitaifishwa mara tu baada ya hapo kila mtu anajua, kwa hiyo hayo tuyaache. Fungueni Sehemu ya Tatu, ya kujitegemea. Ninavyoisoma mimi, sehemu hii inahangaika na pesa kuliko inavyohangaika na ujamaa. TANU inajishtaki yenyewe: tumechagua fedha kuwa silaha ya kupigana na umaskini, na fedha hatuna.

Swali la kwanza ni jepesi. Azimio linasema fedha ni matunda ya maendeleo, si msingi wake. Je, hoja hiyo inasimama yenyewe, au inasimama kwa sababu tu mikopo na misaada ilikuwa migumu kupatikana?

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Fuateni mnyororo wa mkopo hatua kwa hatua. Nchi inakopa nje. Fedha inajenga hospitali, barabara za lami na umeme, na sehemu kubwa ya hivyo iko mjini. Deni linalipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinatoka kwenye mazao ya mkulima. Azimio linaonya waziwazi kwamba wakazi wa mijini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Sisi tuliokaa humu chini ya feni tumo pia! Swali: mnyonyaji huyu asiye na kiwanda wala shamba ananyonya kwa njia gani hasa? Jibuni kwa aya mliyosoma, tusikimbilie habari za leo.

La tatu linahusu juhudi. Andiko linasema wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huku wanaume wa huko wakiwa likizo nusu ya maisha yao. Ukali huo sikuutarajia. Lakini dawa inayotolewa ni kila mtu aongeze bidii. Sasa mama huyo aongeze saa zipi? Mkipata nafasi, linganisheni na masharti ya viongozi katika Sehemu ya Tano: kutokuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili wala nyumba za kupangisha, na sharti linamfunga mume pamoja na mkewe. Hapo familia inahesabiwa kitu kimoja. Kwenye jembe je?

Tutaanza na swali la pili, maana ndilo litakalotuchukulia muda. Atakayechangia ataje ukurasa kwanza. Haya, wa upande wa dirishani, nani anafungua?