Swali la 5: Eleza jinsi harakati za utaifa zilivyoleta uhuru wa Tanganyika. Onesha sababu, matukio na matokeo yake

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, miaka saba na miezi mitano tangu TANU izaliwe. Kwa sababu hakukuwa na vita, wapo wanaosema kwamba uhuru wetu ulitolewa kama zawadi na Mwingereza, au kwamba ulikuwa kazi ya mtu mmoja aliyejua kusema vizuri. Jibu hili linapinga maelezo yote mawili. Hoja yangu ni kwamba uhuru ulipatikana pale malalamiko ya wakulima, makuli wa bandarini, wafanyabiashara na wasomi, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yakipiganiwa kila moja kwao, yalipounganishwa kuwa dai moja. Udhamini wa Umoja wa Mataifa uliufungua mlango, lakini waliopita mlangoni ni wananchi wenyewe.

Sababu za harakati

Chimbuko liko mbali kidogo. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliunganisha makabila mengi ya kusini dhidi ya Wajerumani, vikashindwa kwa gharama kubwa ya maisha na njaa. Kizazi kilichofuata kilitafuta njia nyingine. Mwaka 1929 Waafrika wa Dar es Salaam, wengi wao makarani, walianzisha African Association, na Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1948 chama hicho kikaitwa TAA. Kilikuwa chama cha ustawi zaidi ya siasa, lakini kilikuwa na jambo moja la maana sana: hakikuwa cha kabila. Karani wa Tanga na mwalimu wa Bukoba waliweza kukaa meza moja wakazungumza Kiswahili bila mkalimani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yalibadilika haraka. Askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walirudi kutoka Burma, Abdulwahid Sykes akiwamo, wakiwa wameona kwamba Mzungu naye hushindwa, hujeruhiwa na huogopa. Mwaka 1947 India ilijitawala, na mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea bara. Upande wa kilimo, wakulima wa kahawa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1920, na wakulima wa pamba wa Usukuma, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walijenga ushirika uliovunja mizani ya udanganyifu ya wanunuzi. Watu waliojifunza kuweka hesabu, kuchagua viongozi na kufanya mikutano katika ushirika ndio haohao waliokuja kufungua matawi ya TANU.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kuchagua sababu moja tu, ningechagua ardhi, na hasa kisa cha Wameru. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili eneo hilo wapewe walowezi wa Kizungu kwa ajili ya ufugaji. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi yao. Lakini hebu tufikirie maana yake: mwanakijiji wa Meru amesimama mbele ya mataifa na kuishitaki serikali ya Uingereza! Aliporudi alisimulia safari yake mikoani, na watu wa mbali ambao hawakuwahi kuuona mlima Meru wakaelewa kwamba lililowapata Wameru laweza kuwapata na wao.

Hilo liliwezekana kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini tangu mwaka 1946, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulimtaka Mwingereza aiandae kujitawala. Kila baada ya miaka mitatu ujumbe wa Baraza la Udhamini ulikuja kukagua. Wakati huohuo, huko vijijini, serikali ililazimisha watu kuchimba matuta, kupunguza mifugo na kulima kwa amri. Katika milima ya Uluguru chuki dhidi ya matuta ililipuka mwaka 1955, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mkulima aliyepigwa faini kwa sababu ya matuta hakuhitaji kufundishwa maana ya ukoloni.

Matukio

Aprili 1953 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyetoka masomoni Edinburgh, alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954, Saba Saba, wajumbe 17 walikutana Dar es Salaam wakaigeuza TAA kuwa TANU, chama cha siasa kilichodai waziwazi kujitawala. Kaulimbiu ilikuwa Uhuru na Umoja. Mwaka huohuo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulisema Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Gavana Edward Twining alikasirika, akiona muda huo ni mfupi mno. Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kutetea hoja ya TANU, na aliporudi akatakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi.

Hapa kuna jambo ambalo majibu mengi hulipita haraka. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kushiriki siasa, ikidhani kwamba bila makarani na walimu chama kitakufa. Matokeo yakawa kinyume. Chama kikaangukia mikononi mwa watu ambao serikali haikuwa na mshahara wao wa kuukata: wafanyabiashara wadogo, madereva, wakulima, na zaidi ya wote wanawake. Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana kwa uimbaji katika vikundi vya ngoma, aliongoza tawi la wanawake wa TANU kuanzia 1955. Vikundi vya ngoma vilikuwa na wanachama, viongozi, mfuko wa fedha na mtandao wa mtaa kwa mtaa. Ujumbe uliopita kwa wauza maandazi na wapika pombe ulifika upesi kuliko barua yoyote. Ni haki kusema kwamba kadi nyingi za mwanzo za Dar es Salaam zilikatwa kwa juhudi za wanawake, na mtahini asione ajabu nikiwapa nafasi kubwa kuliko mikutano ya London.

Upande wa wafanyakazi, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilianzishwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Migomo na migomeo yao ilionesha kwamba uchumi wa koloni wasimama kwa mikono ya Mwafrika.

Serikali haikukaa kimya. Matawi yalifungwa katika baadhi ya wilaya, hasa Usukumani. Mwaka 1957 Nyerere alizuiwa kwa muda kuhutubia hadhara. Na mwaka 1956 Twining alishabikia kuundwa kwa UTP, chama cha kuhubiri usawa wa mataifa matatu, yaani Waafrika, Waasia na Wazungu wawe na viti sawa ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya watu. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa makala yaliyowakashifu maofisa wa serikali akatozwa faini. Wafuasi wengi walitaka aende jela ili hasira iwake. Alilipa. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maana chama kilikuwa karibu na uchaguzi na fujo ingempa Gavana kisingizio cha kukipiga marufuku.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa ule wa kura tatu. Serikali iliweka uchaguzi ambamo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wapiga kura wenyewe walichujwa kwa elimu, kipato au cheo. Huo ulikuwa ubaguzi mtupu. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU Tabora ulibishana vikali kama wasusie. Nyerere alishawishi wajumbe waingie, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake cha ANC. TANU ikageuza silaha ya adui: ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na siasa yake, kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walizoa viti, UTP ikaambulia patupu na baadaye ikafa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Gavana mpya, Richard Turnbull, alitoka Kenya ambako aliona kwa macho yake gharama ya vita vya Mau Mau, na hakutaka viigwe Tanganyika. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika Karimjee, tarehe 1 Mei madaraka ya ndani yakapatikana, na usiku wa kuamkia 9 Desemba bendera ya Uingereza ikashushwa. Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera mpya kileleni Kilimanjaro, kama Nyerere alivyoahidi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959, kwamba umulike hata nje ya mipaka yetu.

Matokeo

Matokeo ya kwanza yalikuwa ya kisiasa. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri na Nyerere rais wake wa kwanza. Utawala wa machifu, ambao Mwingereza aliutumia kama mkono wake vijijini, ulifutwa mwaka 1963. Umiliki wa ardhi wa kudumu waliokuwa nao walowezi ulibadilishwa kuwa wa kukodi kutoka serikalini, jambo lililogusa moja kwa moja kidonda cha Engare Nanyuki.

Suala la uraia lilipimwa hata kabla ya bendera kupandishwa. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa katakata, akawa tayari kujiuzulu, na uraia usiofuata rangi ukapita. Ulikuwa mwendelezo wa ushirikiano uliozaliwa katika kura tatu.

Si matokeo yote yaliyokuwa mazuri. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi. Maofisa wa jeshi walibaki Waingereza, na Januari 1964 askari wakaasi wakidai mishahara na vyeo, hata serikali ikalazimika kuomba jeshi la Uingereza lije kuwatuliza. TFL, iliyosaidia kuleta uhuru, ilivunjwa mwaka huohuo na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama cha wafanyakazi kilichofungwa na TANU, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Umoja uliotuletea uhuru ukageuka sababu ya kuwanyima wengine sauti.

Nje ya mipaka, matokeo yalionekana mapema. Mwaka 1962 wazalendo wa Msumbiji waliungana Dar es Salaam wakaunda FRELIMO, tarehe 25 Juni, na mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka makao yake jijini humo. Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, siku ileile, miaka 13 baadaye.