Kinauzwa: Kiti cha ofisi cha kuzunguka, mgongo wa neti, kimetumika, TSh 140,000 – Keko, Dar es Salaam

Kiti ni cheusi, kina mikono miwili, kinapanda na kushuka kwa gesi. Mguu ni wa chuma cha kromu wenye matawi matano. Kimetumika ofisini kwa miaka kadhaa, kikafunguliwa chote, kikasafishwa, na vilivyochoka vikabadilishwa. Kilichobaki na alama kimeelezwa hapa chini, ili anayekuja kukiona asikute jambo jipya.

Vipimo

Kikalio kina upana wa sm 50 na kina cha sm 46. Kutoka sakafuni hadi juu ya kikalio ni sm 43 kikiwa chini kabisa na sm 53 kikiwa juu kabisa. Mgongo una upana wa sm 46 na urefu wa sm 52. Kiti kizima kinasimama sm 95 hadi 105. Mguu unachukua duara la sm 65 sakafuni, kwa hiyo pima nafasi kati ya meza na ukuta kabla ya kulipa. Uzito wa kiti chenyewe ni kilo 14 na nusu.

Mikono inaanzia sm 18 juu ya kikalio na kufika sm 25. Kama chini ya meza yako pana uwazi wa sm 68, ukiweka kikalio sm 48 na mikono chini kabisa, mikono inafika sm 66 na kiti kinaingia. Ukipandisha mikono hata hatua tatu, kitagonga ubao.

Mtu mfupi, wa chini ya sm 160 hivi, ataona miguu inaning'inia hata kikalio kikiwa chini kabisa. Huyo atahitaji kibao cha kukanyagia.

Uzito kinaobeba

Lebo iliyo chini ya kikalio inasema kilo 120. Sisi tunakiuza kwa mtu wa hadi kilo 100, na tunaomba usizidishe. Sababu ni bamba la pembe linaloshika mgongo. Lina unene wa mm 5, na tundu moja la bolti, la upande wa kushoto, limetanuka likawa na umbo la yai kwa sababu bolti iliachwa ikiwa legevu kwa muda mrefu. Tumeweka washa pana na nene pamoja na nati yenye nailoni isiyojifungua, na mgongo sasa hauchezi. Lakini mtu anapoegemea, mzigo wote wa kifua na mabega unalivuta bamba hilo, na mtu mzito anayejitupa nyuma atalitanua tena. Kama unazidi kilo 100, au kiti kitakaliwa kwa zamu usiku na mchana, tafuta kingine.

Vinavyorekebishwa

Mkono mdogo wa kulia chini ya kikalio unafanya kazi mbili. Ukiuvuta juu huku umekaa, kiti kinashuka. Ukiinuka kidogo huku umeuvuta, kinapanda. Ukiuvuta nje, mgongo unakuwa huru kulala. Ukiusukuma ndani, unafungwa ukiwa wima. Haufungiki katikati, na hiyo si hitilafu, ndivyo mtambo wake ulivyo.

Kirungu cha mbele, chini ya kikalio, kinakaza springi ya kulalia. Zungusha kuelekea kulia kukaza. Anza nusu mzunguko kwa nusu mzunguko ukiwa umekaa wima, kwa sababu ukikizungusha huku umelala unakwangua uzi wake. Mtu wa kilo 60 atakiacha karibu na ulegevu wote. Wa kilo 90 atahitaji mizunguko minne au mitano.

Mikono ina kitufe cha upande wa nje chenye hatua saba, kila moja sm 1. Haisogei mbele wala nyuma. Mkono wa kushoto una mchezo mdogo ukiutikisa. Ni plastiki ya ndani iliyolika, na bolti zake zimekazwa.

Silinda ya gesi ni mpya: ganda mm 50, fimbo mm 28, safari sm 10. Tuliweka mzigo wa kilo 80 kwa saa mbili na kupima kwa futi mwanzo na mwisho, hakikushuka. Siku moja ukiona kiti kinashuka chenyewe, usikimbilie kununua silinda. Geuza kiti, tazama mkono wa kupandishia unavyogusa kitufe kilicho kichwani mwa silinda. Mkono ukipinda kidogo tu unakibonyeza muda wote, na gesi inaachia ingawa silinda ni nzima. Panatakiwa mwanya wa mm 1 au 2. Na kamwe usiruhusu fundi atoboe au achomelee kwenye silinda: ndani kuna naitrojeni iliyobanwa sana, na inaweza kuua.

Hali ya chuma

Kromu ya juu ya matawi bado inang'aa, ila imechunika alama za viatu. Matawi matatu yana vidoa vya kutu upande wa chini, karibu na tundu la gurudumu, kila kidoa kidogo kuliko punje ya mchele. Vimetokana na maji ya deki: dekio linapita chini ya kiti, maji yanabaki kwenye tundu, na hewa ya pwani inamalizia. Tumepiga brashi ya waya na kupaka vanishi isiyo na rangi. Ukipangusa mguu kila baada ya deki, kutu haitaendelea.

Muhimu zaidi ni pale matawi yanapokutana na bomba la katikati, maana hapo ndipo viti vya chuma hukatikia. Tumefuta grisi na kukagua mshono wa kuchomelea matawi yote matano kwa tochi, na hakuna ufa. Ukija, kagua mwenyewe: kidoa cha kutu cha mviringo ni cha kromu, lakini mstari mwembamba wa kahawia unaofuata mshono ni ufa, na kiti chenye ufa hapo hakikaliwi.

Kitambaa, neti na magurudumu

Sponji ya kikalio ilikuwa sm 6, sasa ni sm 5 katikati. Kitambaa kimepauka ukingo wa mbele lakini hakijatoboka. Neti imelegea kidogo pembe ya chini kushoto.

Magurudumu yote matano ni mapya, mm 50, yenye mpira laini, kwa ajili ya marumaru. Yale magumu ya nailoni yanachora marumaru na kukimbia unapotaka kukaa. Juu ya zulia nene haya ya mpira yatakuwa mazito kusukuma.

Kununua

Bei inajumuisha alenki ya mm 5 na ya mm 6 na bolti mbili za akiba. Silinda ina dhamana ya siku 30. Mengine unakagua na kukalia kabla ya kulipa. Kiti kinaonekana Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kinaingia kwenye bajaji kikiwa kizima, kikilazwa ubavu mmoja. Baada ya wiki mbili za kukikalia, kaza tena bolti nne za bamba la mgongo, ukianza na ile ya kushoto yenye washa pana.