Taarifa kwa wateja: tunabadilisha namna ya kutunza taarifa zako, na kuna mambo mawili ya wewe kuamua

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu, 2 Februari 2026

Ndugu mteja,

Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi 2026, masharti ya ofisi yetu ya uhasibu kuhusu taarifa unazotukabidhi yanabadilika. Mambo mawili tunahitaji jibu lako kabla ya Ijumaa tarehe 27 Februari. Mengine yanaanza yenyewe, nasi tunakueleza ili usije ukashangaa. Ukikaa kimya hatutahesabu kwamba umekubali: vitabu vyako vitabaki vilipo leo na kazi yako itaendelea kama kawaida. Ada haipandi kwa sababu ya mabadiliko haya.

Masharti kamili yameandikwa na wakili na yana kurasa sita. Ukiyataka tutakuchapia, na anayependa kusoma vifungu asome. Lakini hakuna kitu ndani ya kurasa hizo kinachopingana na barua hii, na kikionekana kipo, barua hii ndiyo tutakayoifuata.

Tunachokishika leo

TIN yako, namba ya NIDA, leseni ya biashara, mkataba wa pango la duka, ripoti za Z za mashine ya EFD, risiti za manunuzi, stetimenti za benki na za Lipa Namba. Kama umeajiri, basi pia majina ya wafanyakazi, mishahara yao, namba zao za NSSF na nakala za vitambulisho. Hatuongezi kitu kingine katika orodha hii.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaiweka miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, kundi moja na habari za afya yake. Kwa ofisi kama yetu hiyo ina maana karibu kila faili kabatini ni nyeti. Ndiyo maana safari hii tunaomba jibu la maandishi; "sawa tu, endeleeni" ya kwenye simu haitoshi.

Uamuzi wa kwanza: vitabu viende mtandaoni au vibaki ofisini

Hadi sasa hesabu zako zimo kwenye kompyuta moja iliyopo ofisini, na nakala ya akiba kwenye diski inayofungiwa kwenye sefu. Tumekodi programu mpya ya uhasibu inayofanya kazi kwa mtandao. Ukikubali kuhamishwa, utaweza kufungua simu yako ukiwa Kigoma au Guangzhou ukaona mauzo ya mwezi, madeni ya wateja na VAT unayotakiwa kulipa ifikapo tarehe 20, bila kutupigia.

Cha kukuambia waziwazi ni kwamba kompyuta zinazohifadhi programu hiyo haziko Tanzania, ziko Ireland. Taarifa zako zitavuka mpaka. Ofisi yetu imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na imepata kibali cha kusafirisha taarifa hizi nje ya nchi, na mkataba wetu na kampuni ya programu unaikataza kuzitumia kwa jambo lolote zaidi ya kututunzia. Hata hivyo, kibali ni cha kwetu, hesabu ni za kwako. Mtu anaweza kuwa na sababu zake za kutotaka daftari lake likae nchi nyingine, na hatutamuuliza ni zipi.

Ukichagua kubaki, tutaendelea na kompyuta ya ofisini. Utapata ripoti yako ya mwezi kwa karatasi, kwa kawaida siku mbili tatu baada ya wenzako wa mtandaoni, kwa sababu bado kuna mtu anayeiandaa na kuichapa. Hutaweza kuangalia kwa simu. Hayo tu ndiyo utakayoyakosa. Ritani zako zitawasilishwa kwa wakati uleule.

Ukihama kisha ukabadili mawazo, tuandikie. Tutarudisha vitabu ofisini na kuvifuta kule ndani ya siku 30, kisha tutakuletea uthibitisho wa maandishi kwamba vimefutwa.

Uamuzi wa pili: benki inapotuuliza habari zako

Wateja wengi wanakopa, na ofisa mikopo akishaona muhuri wetu kwenye mahesabu hupiga simu kwetu kuuliza maswali. Masharti ya zamani yaliruhusu tuwape taarifa "washirika wanaohusika", maneno mapana mno kwa jambo zito namna hiyo. Kifungu hicho kimefutwa.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo itakayotumika usipochagua, ni kwamba hatusemi lolote kwa benki, SACCOS wala mkopeshaji yeyote mpaka tupate maandishi yako kwa kila ombi, yakitaja ni nani na anataka kuona nini. Ya pili ni kutupa ruhusa ya miezi 12 kwa taasisi moja unayoitaja wewe, ili mkopo usikwame kwa sababu uko safarini na hupatikani. Ukiuliza maoni yetu, mwenye mkopo mmoja tu asihangaike na hiyo ya pili. Inawafaa zaidi wenye ovadrafti ya benki inayofanyiwa mapitio mara kwa mara.

Yanayoanza yenyewe

Picha za risiti na vitambulisho hazitapokelewa tena kwenye simu binafsi za wahasibu wetu. Tuna simu ya ofisi, inayolala ofisini, na namba yake ni ileile iliyokutumia barua hii. Kikundi cha WhatsApp cha wateja tutakifunga tarehe 2 Machi. Kilikuwa kikisaidia kukumbushana tarehe za kodi, lakini mara nyingi mno mtu alitaka kututumia sisi stetimenti yake, ikaangukia kwenye simu za wafanyabiashara wenzake, wengine wakiwa mtaa mmoja naye na wanauza bidhaa zilezile. Vikumbusho utavipata kwa ujumbe mfupi unaokuja kwako peke yako. Picha unazotuma kwenye simu ya ofisi zitaingizwa kwenye faili lako na kufutwa simuni ndani ya siku 7.

Jingine ni stetimenti za Lipa Namba. Zitazame vizuri utakapoipakua inayofuata: pembeni ya kila kiasi yapo majina ya watu waliokulipa, mmoja mmoja. Mama aliyenunua saruji mifuko miwili hana habari kwamba jina lake limekuja hadi kwa mhasibu wako. Sisi tunahitaji tarehe, kiasi, makato na namba ya muamala. Kwa hiyo safu ya majina tutaifuta kabla ya kuingiza stetimenti kwenye vitabu, vya mtandaoni na vya ofisini. Nakala kamili ibaki kwako, maana TRA wakikukagua wanaweza kuihitaji.

Kuhusu muda wa kutunza: zamani hatukuwa na kikomo. Sasa kumbukumbu za kodi tutazitunza miaka 5, kama Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inavyotaka, kisha karatasi zitachanwa kwa mashine na faili za kompyuta kufutwa. Kama kuna pingamizi la kodi ambalo halijaisha, tutasubiri liishe. Kabla ya kuharibu chochote tutakupigia uje uchukue unachotaka. Kabati letu lina mafaili ya biashara zilizokwishafungwa ambazo wenyewe hatuwaoni tena. Kama una ndugu aliyewahi kuwa mteja wetu, mwambie apite.

Wafanyakazi wako

Hapa tunaomba msaada wako. Majina na mishahara ya vijana wako dukani hatukupewa na wao, tumepewa na wewe. Mbele ya sheria wewe ndiye mkusanyaji wa taarifa hizo, sisi tunazichakata kwa niaba yako. Waambie basi, kwa maneno ya kawaida, kwamba ofisi ya uhasibu inashika taarifa zao kwa ajili ya PAYE na NSSF, na kama utahamia mtandaoni waambie na hilo la Ireland. Tumeandaa karatasi ya ukurasa mmoja ya kubandika dukani au kuwasomea, ichukue mapokezi. Mfanyakazi akiacha kazi, tujulishe. Nakala ya kitambulisho chake tutaitoa kwenye faili, na kumbukumbu za mshahara zitabaki hadi muda wake utimie.

Usiyoweza kuyakataa

Tusingependa uone neno "hiari" ukadhani limeenea kila mahali. Ritani za TRA, makato ya PAYE yanayotakiwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata na michango ya NSSF vinakwenda serikalini kwa amri ya sheria, na hatuwezi kuvizuia hata ukituandikia. Vilevile amri ya mahakama tutaitii. Ila tutakuambia tumetoa nini na kwa nani, isipokuwa kama amri yenyewe inakataza.

Zilizobaki ni haki zako siku zote, uwe mtandaoni au ofisini: kuja kuona tunachokishika juu yako, kusahihishiwa kilichokosewa, kuomba kifutwe kisichohitajika tena, na kukataa matangazo. Hilo la matangazo tumeshalimaliza. Hatutatuma tena habari za mafunzo na huduma mpya ila kwa anayeziomba. Ombi la kuona faili lako tutalijibu ndani ya siku 14, bila malipo. Na kama haturidhishi, unaweza kupeleka malalamiko yako kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kupitia kwetu. Ukitaka kuhamia kwa mhasibu mwingine kwa sababu ya mabadiliko haya, mafaili yako utayakuta yamefungwa tayari na hakuna ada ya kuondoka.

Namna ya kujibu

Jibu ujumbe ulioleta barua hii, kwa namba uliyosajili kwetu. Andika HAMISHA kama unataka vitabu viende mtandaoni, au BAKIZA kama unataka vibaki ofisini. Kwa ruhusa ya benki, ongeza neno BENKI na jina la taasisi. Usipoliongeza, tutasubiri maandishi yako kila mara. Tutakurudishia ujumbe wa kuthibitisha. Usiandike neno la siri wala PIN yoyote, na mtu akikupigia akijidai ametoka kwetu na kuziomba, kata simu utupigie sisi. Kwa kuhamisha vitabu hatuhitaji hata moja kati ya hizo.

Asiyependa ujumbe aje asaini karatasi mapokezi. Asiyesoma vizuri tutamsomea, na anaruhusiwa kuja na mtu wake. Sehemu ya mwisho ya muda huu itaangukia Ramadhani, hivyo kuanzia tarehe 18 Februari tutafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 9 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi tupo hadi saa 6 mchana.

Wako katika kazi,

Mhasibu Mkuu,
kwa niaba ya ofisi