Simu Yako Ina Kazi Gani? Hotuba kwa kikundi cha vijana, Kihonda, Morogoro

Mama Mtendaji wa Kata, shikamoo. Ndugu mwenyekiti, katibu, mweka hazina na sanduku lako la kufuli tatu, wanakikundi wenzangu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa kijiweni, mambo vipi?

Mwenyekiti aliponiomba nije kuzungumzia aplikesheni za bure, nilimwuliza kwa nini asitafute mwalimu. Akanijibu, "Wewe ndiye unayeziona simu zetu zikiwa wazi." Kweli. Pale Msamvu kwenye kibanda changu mtu anakuja na lalamiko lilelile: fundi, simu yangu imekuwa nzito, inaganda. Naifungua. Nakuta aplikesheni mbili za kubeti, tatu za mikopo, moja ya kufuta chunusi kwenye picha, magemu, na video za magrupu ya WhatsApp tangu mwaka juzi. Nafasi imebaki kiduchu. Halafu mwenye simu anakaa kwenye benchi langu anasimulia jinsi ajira zilivyo ngumu. Siwacheki. Simu yangu nayo ilikuwa hivyohivyo kabla sijaanza ufundi.

Leo nimekuja na chache tu, zile ambazo nimezitumia au nimewawekea watu nikaona zinawasaidia. Na kila moja nitawaambia bure yake inagharimu nini, maana kwenye simu hakuna bure tupu: utalipa kwa bando, kwa kutazama matangazo, au kwa taarifa zako.

Naanza na kujifunza, kwa sababu mimi ufundi nimeujulia hapo. YouTube mnayo wote, imekuja na simu. Tatizo ni namna tunavyoitumia. Ukitazama somo kwa 720p, dakika kumi zitakula bando ambalo kwa 144p lingekufikisha saa nzima. Bonyeza alama ya mipangilio juu ya video, shusha ubora. Kwa mtu anayeelekezwa kupiga lipu 144p inatosha. Kwa anayetaka kuona njia za umeme kwenye bodi ya simu, panda kidogo. Na andika. Mimi nilikuwa na daftari la shule la kurasa 80, kila video naandika hatua, kisha najaribu kwenye simu mbovu. Niliharibu simu tatu, zote zangu, ndipo ya nne ikawaka. Anayetazama tu bila kushika kitu anaangalia sinema.

Waliokwama kwenye hesabu, na najua hapa wapo wanaotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne, wekeni Khan Academy. Haina matangazo, haikuombi hela, inaanzia kujumlisha hadi hesabu za chuo. Masomo yake ni ya Kiingereza, lakini hesabu ukiiona ikiandikwa unaifuata. Kwa vitabu vya mtaala wetu wenyewe, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, ol.tie.go.tz, unasoma vitabu vya kiada bila kulipa. Kiingereza chenyewe, BBC Learning English inatosha, vipindi vyake vingine ni vya dakika sita tu, unasikiliza ukisubiri abiria.

Sasa hii inayofuata wengi hamjaisikia, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Kiwix. Unaiweka, unapakua Wikipedia ya Kiswahili nzima mara moja, baada ya hapo unasoma bila bando kabisa. Ukienda shambani Mvomero ambako mtandao unapatikana juu ya mchungwa, wewe bado unasoma. Faili lake ukilipata kwa mwenzako mnahamishiana kwa kadi ya memori. Nimekuja nalo, tutafika huko.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu vyeti. Alison ina kozi nyingi za bure, lakini jueni mapema: kusoma ni bure, cheti ndicho wanachouza. Usishtuke mwishoni ukasema fundi alitudanganya. Anayetaka kujifunza kutengeneza tovuti na programu aende freeCodeCamp, huko hata cheti hakilipiwi. Ila nisiwafiche, kuandika programu kwenye simu ya inchi sita ni kujitesa. Soma kwenye simu, fanya mazoezi kwenye kompyuta ya steshenari ikiwa mna maelewano na mwenye duka.

Twende kwenye kazi.

Kazi za serikali zinapita Ajira Portal, portal.ajira.go.tz, ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kujisajili ni bure. Narudia kwa wale wa nyuma: bure. Ukiona mtu steshenari anakudai hela, hiyo ni ya kazi yake ya kukuchapia, serikali haijakudai. Na mtu akikupigia simu kwamba jina lako limetoka ila utume elfu thelathini ya "faili", huyo ni yule yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kabadilisha wimbo tu. Ujumbe wake upeleke 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli.

Wengi mnaanguka kwenye portal si kwa sababu hamna sifa. Mnaanguka kwenye karatasi. Unahitaji namba ya NIDA, na majina ya kwenye NIDA yafanane na ya kwenye vyeti. Kama cheti kinasema Mohamed na NIDA inasema Muhammad, shughulikia leo, usisubiri tangazo. Matangazo yao yanasema wazi kwamba karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Barua ya maombi isainiwe. Na vyeti usivipige picha vikiwa juu ya kitanda chenye shuka la maua. Fungua Google Drive, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua kuskani, inakutolea PDF safi. Hiyo Drive imo kwenye simu zenu nyingi tangu dukani, mnaifuta mkidhani inajaza nafasi bure.

Kwa kampuni binafsi kuna LinkedIn. Nitasema kwa ufupi: iwekeni, jazeni wasifu wote, lakini msikae mkiitazama kila saa kama jiko la maharage. Ninyi wengi wenu hamtaajiriwa na kampuni yenye ofisi ya ghorofa. Mtapata kazi kwa mtu kuwajua. Ndiyo maana mimi nasema kwa mshonaji, mama lishe, fundi wa aluminiamu, aplikesheni ya kazi ni WhatsApp Business. Ni bure, inakupa ukurasa wa biashara, saa za kufungua, na katalogi ya picha na bei. Dada mmoja hapa kati yetu, hataki nimtaje, alikuwa anatuma picha zilezile za vitenge kwa kila anayeuliza, moja moja. Sasa anatuma kiungo cha katalogi. Tangazo lake la Sikukuu alilitengeneza mwenyewe kwa Canva ya bure, na steshenari zilikuwa zikimtoza elfu tano kila tangazo.

Haya, hela. Hapa nitakaa.

Najua kuna aplikesheni za kuandika matumizi, Money Manager ni mojawapo, ni nzuri, ina matangazo kidogo. Lakini mimi nawashauri Google Sheets, kwa sababu ni jedwali tupu na unaligeuza utakavyo, na inafanya kazi bila mtandao ukiiruhusu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili kilichoingia, ya tatu kilichotoka, ya nne kilitoka kwa ajili gani. Chini ya safu ya tatu, mstari wa 32, unaandika:

```
=SUM(C2:C31)
```

Inakujumlishia yote yaliyotoka. Basi, huo ndio uhasibu wenyewe.

Mwenzetu mmoja wa bodaboda nilimwekea. Alikuwa anasema biashara imekufa. Tukaandika mwezi mzima, siku 26 za kazi. Kwa wastani aliingiza 28,000 kwa siku. Hesabu ya bosi 10,000, mafuta 8,000, inabaki 10,000. Biashara haijafa. Ila kwenye safu ya nne kila siku palikuwa na neno "soda", 2,000. Mara 26 ni 52,000. Na tulipomwuliza, akakiri kwamba siku nyingine soda ilikuwa mkeka wa kubeti. Mimi sikumhubiria. Jedwali lilimtazama, naye akalitazama.

Kikundi kina sanduku, na nalipenda sanduku. Lakini lina siku linalala kwa mtu, na huyo mtu halali. M-Koba, iliyomo kwenye menyu ya M-Pesa, *150*00#, inafanya kazi hiyo hiyo: michango inaingia, na hela haitoki mpaka waliochaguliwa waidhinishe. Inaendeshwa hata kwa kitochi, kwa hiyo mwenye simu ya batani hajaachwa. Mweka hazina, usinikasirikie, nafikiria usingizi wako.

Na mama Mtendaji yupo atanisahihisha: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo nne kati ya hizo ni ya vijana, haina riba. Nasema hivi kwa sababu ya zile aplikesheni tatu nilizozitaja mwanzo. Juzi kijana aliniletea simu anataka nibadilishe laini, anakimbia meseji. Aliomba 50,000. Wakamtumia 35,000, wakasema nyingine ni ada. Baada ya siku saba wanadai 50,000 kamili. Piga hesabu: 15,000 juu ya 35,000, ni asilimia 43 kwa wiki moja. Kausha damu wa mtaani ana huruma. Alipochelewa, wakawatumia meseji mama mkwe wake, mwalimu wake wa zamani na fundi wake wa viatu kwamba ni tapeli. Namba walizitoa wapi? Aliwapa mwenyewe, siku aliyobonyeza "ruhusu" ilipoomba kusoma majina ya kwenye simu.

Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kwa hiyo kabla hujakopa popote kwa simu, ingia bot.go.tz uangalie kama mkopeshaji ana leseni. Na aplikesheni ya mkopo ikiomba majina ya kwenye simu yako, ikatalie. Isipokubali kuendelea, ifute.

Piga pia *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Msishangae mkikuta ya tano hamuijui.

Nimemaliza ya kusema. Kadi ya memori yenye faili la Kiwix ninayo mfukoni, na mweka hazina ameniruhusu nitumie meza yake. Njooni mmoja mmoja, tufute kwanza ili nafasi ipatikane. Mwenye chaji chini ya asilimia 10 aanze.