Ombi la cheti cha vipimo vya bechi na asili ya viungo: kapsuli za manjano

Duka la Viungo,
Soko la Marikiti,
Mombasa.

9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Ubora,
Kiwanda cha Virutubisho,
Eneo la Viwanda,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KAPSULI ZA MANJANO NA PILIPILI MANGA, BECHI TM-0325-17

Salamu kutoka Mombasa. Huu ni mwaka wa pili nanunua kapsuli zenu kwa ajili ya mama yangu, mwenye miaka 71, ambaye magoti yamemsumbua tangu nimjue. Mwezi wa Aprili nilinunua makopo matatu ya bechi iliyotajwa hapo juu, yaliyotengenezwa Machi 2025. Moja ametumia mama, la pili nilimpa dada yangu Likoni, la tatu halijafunguliwa. Naandika kuomba cheti cha vipimo vya bechi hiyo hasa, pamoja na maelezo ya viungo vyake vilikotoka.

Mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni, na kila mwezi hupimwa INR, yaani kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda. Daktari anataka iwe kati ya 2 na 3. Kwa mwaka mzima, na kapsuli zenu akimeza, haikutoka hapo. Wiki ya tatu ya kopo jipya ilisoma 3.9, na ufizi ulikuwa ukitoka damu akipiga mswaki. Daktari alimsimamisha kapsuli siku hiyo hiyo, akaniuliza swali ambalo kopo lenu halikuweza kunijibu: kila kapsuli ina kiasi gani cha kukumini, kile kiini cha njano cha manjano?

Lebo inasema tu "Manjano 500 mg". Sasa hiyo ni manjano gani? Ikiwa ni unga wa kawaida, kukumini huwa karibu asilimia 3, kwa hiyo mama alikuwa anameza kama miligramu 15. Ikiwa ni dondoo la asilimia 95, anameza 475. Hapo tofauti ni zaidi ya mara thelathini, na juu yake mmetia pilipili manga, ambayo kazi yake ni kuufanya mwili ufyonze kukumini zaidi. Kama mlibadilisha unga mkaweka dondoo kati ya bechi moja na nyingine bila kugusa lebo, basi daktari ana haki ya kujua, na mimi pia. Sisemi kwamba ndiyo mlivyofanya. Nauliza.

Jambo la pili ni rangi. Mimi nauza bizari, na manjano imepita mikononi mwangu kwa magunia. Nilibakisha kapsuli chache za kopo la zamani, nikafungua moja na moja ya bechi mpya juu ya kisahani cheupe. Ya zamani ni rangi ya udongo wenye uhai, imeelekea machungwa. Mpya inawaka kama mstari wa matatu. Nikakoroga kila moja kwenye glasi ya maji na chokaa kidogo ya tambuu. Zote mbili ziligeuka nyekundu kama manjano inavyotakiwa, lakini ya bechi mpya iliacha mashapo ya njano chini ya glasi ambayo hayakubadilika hata kesho yake asubuhi. Najua hii si maabara, na huenda mashapo ni wanga tu wa kujazia. Lakini sisi wa viungo tunayajua ya Bangladesh, ambako wasindikaji walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye metali ya sumu, tabia iliyoanza baada ya mafuriko ya miaka ya 1980 kuyafifisha mazao. Risasi haionjeki wala hainusiki. Dada yangu ana mtoto wa miaka miwili anayetia mdomoni kila anachokiokota.

Nilipopiga simu dawati la mauzo, kijana mmoja mwenye adabu sana alinitumia karatasi kwa WhatsApp. Ina nembo, ina mhuri, na ina neno "Imefaulu" mara saba. Haina tarakimu hata moja. Tena bechi iliyoandikwa juu yake ni ya Novemba 2023. Ni sawa na kuulizwa kitambulisho ukatoa cha kaka yako.

Ninachoomba ni cheti cha TM-0325-17 chenye matokeo kwa tarakimu: kukumini na piperini kwa kila kapsuli, na risasi, kadimi, aseniki, zebaki na kromi kwa miligramu kwa kilo. Kwa kulinganisha, Umoja wa Ulaya hauruhusu risasi kupita miligramu 3 kwa kilo ya kirutubisho. Naomba pia aflatoksini, kwa sababu manjano iliyoanikwa vibaya huota ukungu, na kipimo cha salmonela. Kila tokeo lionyeshe mbinu iliyotumika na kikomo mlichojiwekea. Jina la maabara lisifutwe, na mniambie kama imeidhinishwa na KENAS kwa kiwango cha ISO/IEC 17025 kwa vipimo hivyo, maana maabara huweza kuidhinishwa kupima maji isiidhinishwe kupima metali kwenye viungo. Kama mlipima malighafi tu na si kapsuli zilizokamilika, semeni hivyo.

Kuhusu asili: manjano imetoka nchi gani na eneo gani, mlinunua ikiwa mizizi mizima au tayari imesagwa? Hili la mwisho ndilo kubwa kwangu. Mzizi mzima ukiukata unauona ndani. Unga unakuja na siri zake. Sihitaji bei wala simu ya msambazaji wenu. Biashara ni biashara, hata mimi simwambii jirani ninakochukua iliki. Pilipili manga vilevile, imetoka wapi.

Halafu ganda la kapsuli. Lebo inasema "jelatini". Ya ng'ombe, ya samaki, au ya nguruwe? Na kama ni ng'ombe, amechinjwa vipi, na nani ametoa cheti cha halali? Mama ameniuliza hili mara mbili, mimi nikimjibu "bila shaka ni halali", na sasa nimeona aibu kwamba nilikuwa nikikisia. Kama ni dondoo, naomba pia kujua limekamuliwa kwa ethanoli, asetoni au kitu kingine, na mabaki yaliyopimwa ni kiasi gani.

Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Sikitaji kwa kutisha. Nakitaja kwa sababu kijana wa mauzo aliniambia vipimo ni "siri ya kampuni". Fomula inaweza kuwa siri. Kiasi cha risasi anachomeza mama yangu hakiwezi.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, yaani kufikia 23 Juni, kwa namba iliyo kwenye risiti niliyoambatisha. Kama mmeweka sampuli ya akiba ya bechi hii, tafadhali msiitupe. Lisipokuja jibu, nitalipeleka kopo lililofungwa ofisi ya KEBS hapa Mombasa, na daktari atapeleka taarifa yake Bodi ya Dawa na Sumu. Majibu yakiwa mazuri, nitawaambia hivyo majirani wote, kwa sababu nimeshawaambia waache.

Kopo liko kwenye droo ya duka, lakiri haijaguswa, pamoja na kapsuli sita za bechi ya zamani ndani ya karatasi. Mkitaka kutuma mtu azichukue kwa kulinganisha, aje siku yoyote kabla ya adhuhuri, isipokuwa Ijumaa. Nitampa kapsuli tatu, tatu nitabaki nazo.

Wako mwaminifu,

Bakari
Mteja

Viambatisho: nakala ya risiti, picha ya lebo na namba ya bechi, picha ya kisahani, karatasi niliyotumiwa na dawati la mauzo.