Viazi Shangi, magunia 300 ya kilo 50, Mau Narok. Tunachimba na kupakia 4 hadi 8 Agosti 2025. Karoti na kabichi pia zipo

Wanunuzi wa jumla, wenye vibanda vya chipsi, mahoteli, shule na akina mama wa sokoni, karibuni shambani. Nina ekari tatu za viazi Shangi vilivyokomaa hapa Mau Narok, Kaunti ya Nakuru, na kufikia leo hakuna hata kimoja kilichochimbwa ili kiuzwe. Kitachimbwa asubuhi ya siku utakayokuja kukichukua. Hilo ndilo ninalokuuzia zaidi ya kiazi chenyewe, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujaagiza lori.

Magunia 300 ni makadirio. Wiki iliyopita tulichimba mistari mitano sehemu mbalimbali za shamba, tukapima, tukapiga hesabu. Natarajia magunia 210 ya daraja la kwanza, 60 ya daraja la pili na 30 ya chati. Yanaweza kupungua au kuzidi kidogo, ndiyo maana sitapokea oda za daraja la kwanza zinazopita magunia 200 mpaka nione mavuno ya siku tatu za kwanza.

Daraja la kwanza ni kiazi kinachozidi yai la kuku hadi kinachojaa ngumi ya mtu mzima. Ngozi imeshika, hakina jeraha la jembe, hakina rangi ya kijani wala ufa. Hiki ndicho cha chipsi. Gunia ni shilingi 2,300. Daraja la pili ni saizi ya yai, kizuri kwa kuchemsha, kwa mukimo na kwa jikoni la shule, shilingi 1,700. Chati ni vile vidogo kabisa, shilingi 1,000. Tafadhali usininunulie chati ukapande. Mbegu yangu niliinunua ikiwa imekaguliwa na KEPHIS, lakini mazao yake hayajakaguliwa na mtu yeyote, na mnyauko wa bakteria hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Umekwisha kuharibu mashamba mengi huku juu, na sitaki uingie kwako ukitoka kwangu.

Kuna kona ya chini, kama nusu ekari, ambako maji yalituama mwezi wa Mei. Huko viazi kadhaa vimepasuka. Hivyo vinabaki hapa kwa ng'ombe. Ukikuta chenye ufa ndani ya gunia la daraja la kwanza, kitoe uniwekee mkononi, nitakurudishia kizima palepale.

Bei zote ni za gunia la kilo 50 halisi, uzito wa gunia tupu ukiwa umeondolewa, na gunia lenyewe ni langu. Kila gunia linapanda mizani mbele yako. Kanuni za mwaka 2019 za zao hili ziliweka kikomo cha kilo 50, nami sishoni kilemba juu ya gunia hata ukiniongezea bei. Kijana anayelibeba hadi kwenye lori ana mgongo mmoja tu. Na mkulima anayeuza kwa kilemba hawezi kujua amevuna kilo ngapi, wala mnunuzi hajui amelipia kilo ngapi.

Sasa kuhusu ubichi, maana hapa ndipo Shangi hupendwa na ndipo huponza watu. Kiazi hiki hukomaa haraka na hupikika upesi, lakini hakijui kulala. Kikishachimbwa, wiki chache tu kinaanza kuchipua, na kikiwekwa penye mwanga kinageuka kijani na kuwa na sumu. Kwa hiyo siku zake nyingi ziwe kwako, zisiishie kwenye stoo yangu.

Tulipanda tarehe 7 Aprili. Kule chini kwenye joto kingekuwa tayari kwa miezi mitatu, lakini baridi ya huku hukichelewesha kidogo na kukipa uzito. Dawa ya mwisho ya ukungu wa majani tulinyunyiza tarehe 5 Julai, yaani siku 30 kabla ya kuchimba, na daftari la dawa zote liko hapa, ukija uliza uonyeshwe. Tarehe 19 Julai tulikata majani yote tukaacha viazi ardhini ili ngozi ikomae. Ukifika, chukua kimoja ukisugue kwa kidole gumba. Ngozi isipotoka, kitavumilia safari ya lori. Ikitoka, usinunue, kwangu wala kwa mtu mwingine. Kata na viwili vitatu katikati uone nyama yake; kisu kipo, na hivyo havihesabiwi.

Viazi havioshwi. Vinatoka na udongo wake mkavu, tunaupangusa kwa mkono tu. Ukitaka vilivyooshwa sitakuwa na cha kukupa, kwa sababu kiazi kilicholowa ndani ya gunia huanza kuoza kabla hakijafika Naivasha.

Siku zetu ni hizi: Jumatatu 4 Agosti hadi Alhamisi 7 Agosti tunachimba magunia 70 kila siku, kati yake yapata 50 ya daraja la kwanza. Ijumaa 8 Agosti ni ya kumalizia yaliyobaki. Vibarua 12 wanaingia shambani na fokojembe saa moja asubuhi, umande ukianza kukauka. Viazi vinaachwa juu ya udongo muda mfupi vikauke ngozi, kisha tunavichambua kivulini chini ya turubai. Kufikia saa saba mchana magunia ya kwanza yameshonwa na kupimwa. Lori lifike kati ya saa sita na saa nane. Huku mvua hupenda kushuka alasiri, na njia ya kutoka barabarani hadi langoni, kama nusu kilomita, ni ya udongo. Kanta inapita bila shida ikiwa pakavu. Ikishanyesha, hata trekta huomba msaada.

Kanta moja itabeba mavuno ya siku moja. Mwenye lori la tani saba anahitaji magunia 140, yaani siku mbili. Huyo tutamchimbia jana yake na asubuhi yake, na yale ya jana yatalala kwenye stoo yenye giza na hewa. Niambie mapema, maana siku mbili zikichukuliwa na mtu mmoja wengine inabidi wasogee.

Unayepeleka Marikiti, Nairobi, ukiondoka hapa saa tisa unafika usiku na mzigo unaingia sokoni alfajiri. Wa soko la Wakulima la Nakuru mjini mna nafasi kubwa zaidi, ni chini ya saa mbili kwa lori kupitia Njoro. Wa Kisumu, najua Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, hivyo Alhamisi au Ijumaa itawafaa zaidi. Dereva wenu hana haja ya kurudi Nakuru mjini: akifika Njoro ashike njia ya Elburgon na Molo hadi Mau Summit, kisha Kericho, kisha Ahero. Mzigo ufunikwe turubai inayopitisha hewa, isiwe nailoni nzito inayopika viazi njiani.

Kuweka nafasi ni shilingi 300 kwa kila gunia, kwa M-Pesa, angalau siku mbili kabla ya siku yako. Salio unalipa baada ya kupima, kabla ya kupakia. Nitakueleza kwa nini nadai hivi. Mwaka jana mnunuzi mmoja alinihakikishia kwa simu mara tatu kwamba lori liko njiani. Tulimchimbia magunia 64. Lori halikuja siku hiyo, wala kesho yake, na simu ikazimwa. Viazi vilikaa nje chini ya maturubai vikanyeshewa na kupigwa jua, na siku ya nne nikaviuza kwa bei ya kutupa, vingine vikiwa vya kijani kabisa. Vibarua niliwalipa pesa yao yote, maana kosa halikuwa lao. Tangu hapo sitii jembe ardhini bila amana.

Nami nina wajibu wangu. Mvua ikinyesha usiku na udongo ukabaki tope, sitachimba, kwa sababu viazi vya tope vitakuozea. Nitakupigia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla lori lako halijawasha injini, uchague siku inayofuata au nikurudishie amana yako yote siku hiyohiyo. Ukikuta uzito umepungua au daraja silo nililoandika, huna haja ya kugombana: kata kwenye salio, au ondoka na amana yako.

Kupakia ni shilingi 20 kwa gunia, mnalipana wenyewe na vijana. Sesi ya kaunti inalipwa na mnunuzi, na dereva aitunze risiti mpaka mzigo ushuke.

Karoti ni Nantes, magunia 40 ya kilo 50, shilingi 1,900. Zimenyooka, hazina uma, nyingi zina urefu wa kiganja. Zinang'olewa jioni, zinaoshwa kesho yake, zinaondoka siku hiyohiyo. Karoti ikishaoshwa haingoji, kwa hiyo sitaosha kabla hujanithibitishia kwamba lori limepita Njoro. Ukizitaka na udongo wake zidumu zaidi, ni shilingi 1,700.

Kabichi ni Gloria, vichwa 1,200, vigumu, vya kilo mbili hadi tatu, shilingi 25 kimoja kuanzia vichwa 200. Tunakata na kuacha majani mawili ya nje yazuie michubuko. Zinafaa kujaza nafasi iliyobaki kwenye kanta, lakini zipangwe juu ya viazi, zisiwe chini.

Kuja kuangalia kabla ya kulipa ni bure, siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi, kuanzia saa tatu. Unatoka Nakuru, unapita Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton, Likia, kisha Mau Narok. Ukifika kituoni nijulishe, nitamtuma kijana akulete. Nitumie ujumbe kupitia tangazo hili ukitaja mambo manne: daraja, idadi ya magunia, siku unayotaka na aina ya gari. Ninajibu jioni baada ya kukamua ng'ombe, kati ya saa moja na saa tatu usiku. Hadi ninapoandika, Jumatatu imebakiza magunia 25 ya daraja la kwanza. Siku nyingine zote ziko wazi.